Mashahidi Watatu wa Mti Mmoja

Tazama mti huu wa vifundo tisa. Ni wa aina inayowekwa kwenye mitihani ya miundo ya data mwaka nenda, mwaka rudi.

```
          A
        /   \
       B     C
      / \     \
     D   E     F
      \       / \
       G     H   I
```

Swali lililo chini yake huwa fupi: andika mfuatano wa vifundo hivi kwa `preorder`, kwa `inorder` na kwa `postorder`. Mwanafunzi aliyejiandaa huandika majibu yote matatu upesi, akafunua ukurasa, akaendelea na swali linalofuata. Namsikitikia kila ninapoona kosa dogo katika jibu la namna hiyo, kwa sababu swali hili lina sifa ambayo maswali mengi ya mtihani hayana. Majibu yake yanajikagua yenyewe. Pale pale kwenye dawati, bila kitabu wala jirani, mtu anaweza kujua kama amepata au amekosa, na mara nyingi akajua kosa liko kwenye kifundo gani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na mti wa namna hii, maelezo ni machache. Kwenye kompyuta, mti ni namna ya kupanga data ili kila kitu kijulikane kiko chini ya nani. Huchorwa kichwa chini miguu juu, mzizi ukiwa kileleni. Hapa mzizi ni A. Kila herufi ni kifundo, na kila kifundo kinaruhusiwa kuwa na watoto wasiozidi wawili, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Kifundo kisicho na mtoto huitwa jani. Majani ya mti wetu ni G, E, H na I. La kushika tangu sasa ni kwamba upande nao ni sehemu ya mti. D ana mtoto mmoja tu, G, na mtoto huyo ni wa kulia. Ukimhamishia G kushoto, umetengeneza mti mwingine kabisa, hata kama hakuna aliyebadilishiwa mzazi.

Kuupitia mti maana yake ni kutembelea kila kifundo mara moja na kukiandika. Programu ya kufanya kazi hiyo ni fupi kuliko watu wanavyodhani:

```
preorder(n):
    if n == null: return
    print(n)
    preorder(n.left)
    preorder(n.right)
```

Ukifika mahali pasipo na kifundo, rudi ulikotoka. Kama kifundo kipo, kiandike, kisha malizia tawi lake lote la kushoto, kisha tawi lake lote la kulia. Huo ndio utaratibu wa mzizi kwanza. Sasa uteremshe mstari wa `print(n)` uukalishe kati ya ile mistari miwili ya mwisho, utapata `inorder`, yaani mzizi kati. Uteremshe hadi chini kabisa, utapata `postorder`, mzizi mwisho. Hakuna tofauti nyingine. Katika taratibu zote tatu kushoto hutangulia kulia, na kinachohama ni mzizi peke yake. Majina yenyewe yalichukua muda kutulia: katika toleo la kwanza la juzuu la kwanza la Donald Knuth kuhusu sanaa ya kuandika programu, la mwaka 1968, utaratibu tunaouita leo `inorder` ulipewa jina la `postorder`. Anayesoma nakala ya zamani maktabani aangalie maelezo, asitegemee jina.

Tuupitie mti wetu. Kwa mzizi kwanza tunaandika A, halafu hatumgusi C mpaka tawi lote la B liishe. B anaandikwa, kisha D. D hana mtoto wa kushoto, kwa hiyo tunakwenda kulia kwake na kumwandika G. Tawi la D limekwisha, tunarudi kwa B na kuingia kulia kwake, tunamwandika E. Sasa ndipo zamu ya C, naye anafuatwa na F, kisha H, kisha I.

Kwa mzizi kati tunateremka kushoto mpaka njia ikatike. Kutoka A tunafika B, kutoka B tunafika D, na hapo upande wa kushoto hauna kitu. Kushoto kukiwa kutupu, upande huo umekwisha kushughulikiwa, na zamu ni ya mzizi wa tawi hilo. D anaandikwa, na ndipo tunakwenda kulia kwake na kumwandika G. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na tutaparudia. Baada ya G anakuja B, kisha E, kisha A mwenyewe. Upande wa kulia wa mti unaanza na C, kwa sababu C naye hana mtoto wa kushoto. Anafuatwa na tawi la F, ambalo kwa mzizi kati linasomeka H, F, I.

Kwa mzizi mwisho hakuna mzazi anayeandikwa kabla wazao wake wote hawajaandikwa. G anamtangulia D, E anafuata, kisha B. Upande wa kulia tunapata H, I, F, kisha C, na A anafunga. Tukiyaweka pamoja:

```
preorder:   A B D G E C F H I
inorder:    D G B E A C H F I
postorder:  G D E B H I F C A
```

Sasa tukague. Wengi hukagua kwa kurudia: wanaanza upya kwa mzizi, wanapita njia ile ile, wanafika kwenye jibu lile lile. Ukaguzi huo unakamata herufi iliyorukwa kwa haraka, lakini haukamati kosa la kutoelewa, maana aliyemwelewa D vibaya mara ya kwanza atamwelewa vibaya mara ya pili pia. Ukaguzi wa kweli lazima upite njia nyingine.

Njia ya haraka kuliko zote ni kuyatazama majani. Soma mti wenyewe kutoka kushoto kwenda kulia, ukiandika majani tu: G, E, H, I. Kisha nenda kwenye kila jibu, futa akilini vifundo vyote vyenye watoto, na utazame kilichobaki. Katika majibu yetu yote matatu kinachobaki ni G E H I. Haikutokea kwa bahati. Jani halina tawi la kushoto wala la kulia, kwa hiyo kwa jani lenyewe kuhama kwa mzizi hakuna maana yoyote. Na kwa majani mawili yoyote, kuna kifundo kinachoyatenganisha, moja likiwa kushoto kwake na jingine kulia. Kushoto hutangulia kulia katika taratibu zote tatu. Mpangilio wa majani haubadiliki kamwe.

Kipimo hiki kidogo kinakamata makosa mawili makubwa yanayojulikana na kila msahihishaji. La kwanza ni la mwanafunzi anayeusoma mti safu kwa safu kutoka juu, kama mtu anayesoma ukurasa. Kwa mti wetu ataandika A B C D E F G H I. Alfabeti imenyooka, na inapendeza macho, lakini huo ni utaratibu wa nne, unaotumia foleni, na haukuulizwa. Tazama majani yake: E, G, H, I. E amemtangulia G, na kosa liko wazi. La pili ni la mwanafunzi anayeamini kwamba mzizi mwisho ni mzizi kwanza uliosomwa kinyumenyume. Ataandika I H F C E G D B A. Mzizi wake uko mwisho kama unavyotakiwa, herufi zake ni tisa, na jibu lina sura ya jibu sahihi kabisa. Majani yake, hata hivyo, ni I, H, E, G. Hayo yanatosha kulikataa.

Lakini kipimo cha majani kina mpaka wake, na mpaka huo uko pale pale ambapo kosa la kawaida zaidi limejificha. Rudi kwa D na G. Mwanafunzi anaambiwa kwamba mzizi kati huanza na kifundo cha chini kabisa upande wa kushoto. Anatazama mchoro, anaona upande wa kushoto kilicho chini kabisa ni G, anaanza naye:

```
G D B E A C H F I
```

Majani ni G, E, H, I, kama yanavyotakiwa. Vifundo ni tisa. A yuko katikati, familia ya B iko kushoto kwake na familia ya C iko kulia. Kila kipimo cha haraka kinapita, na jibu si sahihi. Ile kanuni ya kifundo cha chini kabisa ndiyo iliyompoteza. Kanuni halisi ni kwamba mzizi kati huanza na kifundo unachofikia kwa kuteremka kushoto, kushoto, kushoto, hadi mtoto wa kushoto akosekane. Kifundo hicho kinaweza kuwa na wazao upande wa kulia, nao wamngoje mzazi wao.

Ili kulikamata kosa la namna hii tunahitaji kipimo chenye nguvu zaidi, nacho ni kuujenga mti upya kutoka kwenye majibu. Funika mchoro wa mtihani kwa mkono. Chukua jibu la mzizi kwanza na jibu la mzizi kati, ujifanye hujawahi kuuona mti wenyewe. Herufi ya kwanza ya mzizi kwanza ni mzizi wa mti wote: A. Mtafute A kwenye mzizi kati. Walio kushoto kwake ni familia ya kushoto, walio kulia ni familia ya kulia. Kwa jibu letu sahihi, kushoto kuna D G B E, kulia kuna C H F I. Familia ya kushoto ina watu wanne, kwa hiyo herufi nne zinazomfuata A kwenye mzizi kwanza, yaani B D G E, lazima ziwe hao hao. Ndivyo zilivyo. Sasa B ndiye mzizi wa kikundi hicho, maana ametangulia. Mtafute kwenye D G B E: kushoto kwake wako D na G, kulia yuko E. Endelea na D na G. Mzizi kwanza unasema D ametangulia, kwa hiyo D ndiye mzazi. Mzizi kati unamweka G baada ya D, kwa hiyo G yuko kulia. Chora.

Fanya hivyo hivyo upande wa pili. Kikundi ni C F H I kwa mzizi kwanza na C H F I kwa mzizi kati. C ndiye mzizi, na kushoto kwake kwenye mzizi kati hakuna mtu. Kwa hiyo C hana mtoto wa kushoto, na wote watatu waliobaki wako kulia. Kati yao F ametangulia, H yuko kushoto kwake, I yuko kulia. Ondoa mkono sasa ulinganishe michoro miwili. Kwa vifundo tisa kazi hii yote ni ya dakika chache, na anayeifanya hana tena sababu ya kuwa na wasiwasi na majibu hayo mawili, maana kila herufi ikiwa tofauti na nyingine, mzizi kwanza na mzizi kati kwa pamoja vinaelekeza kwenye mti mmoja tu.

Sasa ujaribu kujenga kwa jibu lile lenye kosa. Kila kitu kinakwenda vizuri mpaka unapofika kwa D na G. Mzizi kwanza unasema D ni mzazi, mzizi kati unamweka G kabla yake, kwa hiyo unamchora G kushoto. Unaondoa mkono, na kwenye karatasi ya mtihani G yuko kulia. Umepata kosa, tena umejua kifundo chenyewe.

Makosa mengine hayangoji hata uondoe mkono. Kuna mwanafunzi anayefika upande wa C, akaona kwamba aliye chini zaidi kushoto ni H, akaandika H C F I mahali pa C H F I. Jenga upya uone: C ni mzizi wa kikundi, na kushoto kwake kwenye mzizi kati yuko H peke yake. Basi familia ya kushoto ya C ina mtu mmoja, na herufi inayomfuata C kwenye mzizi kwanza lazima iwe H. Lakini anayefuata ni F. Majibu yamepingana yenyewe kwa yenyewe. Hakuna mti wowote duniani wenye mifuatano hiyo miwili. Kwa hiyo kujenga upya kunaweza kukupa jawabu la namna mbili. Ukikwama katikati, angalau moja ya majibu mawili lina kosa, hata kama mchoro haupo mbele yako. Ukifika mwisho lakini mti uliotoka ni tofauti na wa mtihani, majibu yanaelewana kuhusu mti usioulizwa.

Na hapa ndipo ilipo sababu ya kuwaita watatu hawa mashahidi. Hawajui mambo sawa. Tuseme mtu anakagua kwa kutumia mzizi kwanza na mzizi mwisho, bila mzizi kati. Mzizi kwanza unasema D G, mzizi mwisho unasema G D. Wanakubaliana kwamba D ni mzazi na G ni mtoto. Je, G yuko upande gani? Mzizi kwanza ungemwandika D kisha G hata kama G angekuwa kushoto. Mzizi mwisho ungemwandika G kisha D vile vile. Wote wawili hawajui. Mtoto wa pekee anaweza kuhama upande na wao wasione tofauti yoyote. Mti wetu una vifundo viwili vyenye mtoto mmoja, D na C, kwa hiyo kuna miti minne tofauti yenye mzizi kwanza na mzizi mwisho ule ule mmoja. Shahidi pekee aliyeona upande ni mzizi kati.

Ndiyo maana namshauri mwanafunzi, kabla hajaandika herufi hata moja, azungushie duara kila kifundo chenye mtoto mmoja kwenye mchoro wa mtihani. Mtungaji wa swali hakuviweka pale bure. Mti uliojaa, ambao kila mzazi ana watoto wawili, hautofautishi sana aliyeelewa na aliyekariri. Kwa kila duara, uliza swali moja tu kwenye jibu lako la mzizi kati: mtoto akiwa wa kulia, je, mzazi ametangulia tawi lote la mtoto? Mtoto akiwa wa kushoto, je, tawi lote limemtangulia mzazi? Kwa mti wetu hayo ni maswali mawili. D ametangulia G. C ametangulia H, F na I. Kwa asiye na muda wa kujenga mti upya, huo ndio ukaguzi unaolipa kuliko mwingine wote. Hata mchoro wenyewe huchangia kosa hili: ukichorwa kwa mkono, G huishia kuwekwa karibu chini ya D moja kwa moja, na jicho likasahau mstari ulitokea upande gani. Ukiuhamishia mti kwenye kijitabu chako cha majibu, itandaze mistari hiyo waziwazi, na pale mtoto anapokosekana chora kijistari kifupi kisicho na kitu mwishoni.

Mzizi mwisho umebaki bila ukaguzi wake wenyewe. Upo, na ni mzuri. Upitie mti kwa mzizi kwanza, lakini safari hii ukianza na kulia kabla ya kushoto. Utapata A, kisha C, F, I, H, kisha B, E, D, G. Uandike mfuatano huo, halafu usome kinyumenyume: G D E B H I F C A. Ni jibu letu la mzizi mwisho, herufi kwa herufi. Tulipoandika mzizi, kulia, kushoto, na kisha kugeuza, tulipata kushoto, kulia, mzizi. Yule mwanafunzi aliyegeuza mzizi kwanza wa kawaida alikuwa karibu na ukweli huu; alichosahau ni kubadilisha pande kabla ya kugeuza. Uzuri wa njia hii kama ukaguzi ni kwamba inaanza upande wa pili wa mti, na mkono hauna mazoea ya kule, kwa hiyo haurudii kosa la kwanza kwa mazoea.

Kuna mitihani inayoweka hesabu ndani ya mti, na huko ukaguzi unakuwa wa namna nyingine. Chukua hesabu hii: 7 kutoa 2, jibu lizidishwe kwa jumla ya 4 na 6. Alama ya kuzidisha ndiyo mzizi, alama ya kutoa iko kushoto ikiwa na 7 na 2, alama ya kujumlisha iko kulia ikiwa na 4 na 6. Mifuatano ni hii:

```
preorder:   * - 7 2 + 4 6
inorder:    7 - 2 * 4 + 6
postorder:  7 2 - 4 6 + *
```

Mzizi mwisho hapa unaweza kuhesabiwa kama ulivyo, kwa kutumia rundo. Kila ukikuta namba, iweke juu ya rundo. Kila ukikuta alama, ondoa namba mbili za juu, fanya hesabu, rudisha jibu. 7 na 2 zinaingia, alama ya kutoa inazigeuza kuwa 5. 4 na 6 zinaingia, alama ya kujumlisha inazigeuza kuwa 10. Alama ya kuzidisha inakuta 5 na 10, inaacha 50, na ndiyo thamani ya hesabu tuliyoanza nayo. Kikokotoo cha mfukoni cha Hewlett-Packard kiitwacho `HP-35`, kilichotoka mwaka 1972, kilitaka hesabu ziingizwe kwa utaratibu huu huu. Kama rundo lako limebaki na namba mbili mwishoni, au umekutana na alama na rundo halina namba za kutosha, mfuatano una kosa bila shaka.

Mzizi kati wa hesabu unahitaji tahadhari. Ukiusoma 7 − 2 × 4 + 6 kama hesabu ya kawaida, kuzidisha kunatangulia, na unapata 5 badala ya 50. Mwanafunzi anayeona hivyo anaweza kudhani mfuatano wake una makosa na kuanza kuuharibu. Mfuatano ni sahihi. Kilichokosekana ni mabano, ambayo mti unayabeba kwa umbo lake na mzizi kati haubebi. Tena hata ukaguzi wa rundo haukamati kila kitu. Aliyeandika 6 4 + mahali pa 4 6 + atapata 50 vile vile, kwa sababu kujumlisha hakujali nani ametangulia. Kutoa kunajali: 2 7 − kungempa hasi 5, na mwisho hasi 50. Hapo majani yanarudi kuwa msaada, maana namba ndizo majani, na mpangilio wake 7, 2, 4, 6 lazima uonekane katika majibu yote matatu.

Mti wa kutafutia, ule ambao kila kilicho kushoto ni kidogo kuliko mzazi na kila kilicho kulia ni kikubwa, una ukaguzi ambao karibu kila mtu anaujua: mzizi kati lazima utoke kuanzia namba ndogo hadi kubwa. Unafaa, lakini watu huutegemea kupita kiasi. Namba zako zikitoka zimepangika, hilo halithibitishi kwamba umezichomeka namba kwenye mti kwa mpangilio ulioulizwa, kwa kuwa kila mti wa kutafutia wenye namba hizo hizo una mzizi kati ule ule. Na mti ambao si wa kutafutia hauna wajibu wa kupangika. Wapo wanaochukua mti wowote wenye namba, wakazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, wakaandika hilo kama mzizi kati bila kuutazama mchoro hata kidogo.

Limebaki jambo moja linaloweza kuuvuruga ukaguzi wa kujenga upya, nalo ni vifundo viwili vyenye alama moja. Katika hesabu hutokea mara nyingi. Chukua 8 kutoa 3, kisha kutoa 2. Mti wake una alama mbili za kutoa, na mzizi wake ni ile ya pili. Mzizi kwanza ni − − 8 3 2, mzizi kati ni 8 − 3 − 2. Unapoanza kujenga unaambiwa mzizi ni alama ya kutoa, unakwenda kuitafuta kwenye mzizi kati, unakuta ziko mbili. Ukichagua ya kwanza, kushoto kwake kuna 8 peke yake, na kwenye mzizi kwanza kinachofuata kilipaswa kuwa 8, lakini ni alama nyingine ya kutoa. Basi chaguo hilo limekufa, na lililobaki ni la pili. Hapa kupingana kumetuokoa. Mahali pengine hakutuokoi: mti wenye 5 juu na 5 nyingine chini yake una mifuatano ya 5 5 pande zote, mtoto awe kushoto au kulia, na hakuna shahidi anayeweza kusema lolote. Kwa hiyo unapokagua mti wenye alama zinazojirudia, zipe namba ndogo kwenye mchoro wako wa pembeni, −1 na −2, uzipitishe namba hizo katika mifuatano yote mitatu wakati wa kukagua, kisha uziache huko huko pembeni. Kwenye jibu lenyewe andika alama kama zilivyo kwenye swali, maana msahihishaji akikuta −1 kwenye mfuatano atasoma namba hasi moja.